Kitita cha Kumi: Kufundisha Makumi na Mamoja kwa Vijiti, Pamoja na Karatasi ya Mazoezi

Mwambie mtoto wa darasa la kwanza aandike thelathini na tano, na huenda akakuandikia 305. Amesikia thelathini, akaandika 30. Amesikia tano, akaongeza 5. Mwenzake ataandika 35 bila shida, lakini ukimwonyesha ile 3 na kumwomba akupe vijiti vyake, atakupa vijiti vitatu. Huyu wa pili ndiye mgumu kumgundua, kwa sababu daftari lake limejaa alama za vyema. Atagunduliwa mwaka ujao, atakapoanza kutoa 17 kutoka 42 na kupata 35.

Mwongozo huu ni wa mwalimu wa madarasa ya chini, na wa mzazi anayemsaidia mtoto nyumbani, hapa Rusizi. Unaeleza namna ya kutengeneza vijiti na vitita, hatua nne za kufundishia, kisha karatasi ya mazoezi yenye maswali kumi na maelezo ya kila jibu la makosa. Mambo mawili yanaongoza kila kitu kinachofuata. La kwanza, mtoto afunge kitita mwenyewe na akifungue mwenyewe. La pili, maswali ya mazoezi yasiwe yale ambayo mtoto anaweza kuyapata kwa kunakili tu kutoka kushoto kwenda kulia.

Vijiti na pete

Kijiti kizuri kina urefu wa sentimita 12 na unene wa milimita 4 hadi 5, yaani chembamba kuliko penseli. Unene huu una sababu yake: vijiti kumi vya namna hiyo vikifungwa pamoja vinaenea katika kiganja cha mtoto wa miaka sita. Vikiwa vinene kama penseli, kitita kinamshinda kukishika kwa mkono mmoja huku akikifunga kwa mwingine, na somo linageuka kuwa la kupigana na vijiti.

Matete na mianzi iliyopasuliwa vinafaa kuliko vyote. Vijiti vya mishikaki navyo ni vizuri, ila lazima ukate ncha zake kali. Usitumie mabua ya mpunga wa Bugarama hata kama yanapatikana bure, kwa sababu yanapondeka mara tu yakibanwa. Mirija ya plastiki, ambayo vitabu vingi vya kigeni huipendekeza, haifai kutajwa hapa: Rwanda ilipiga marufuku plastiki za kutumia mara moja mwaka 2019, na kabla ya hapo mifuko ya plastiki mwaka 2008. Kwa sababu hiyohiyo, hifadhi vijiti katika mfuko wa kitambaa au gunia dogo. Vianike juani siku mbili tatu kabla ya kuvifungia, maana mvua zetu ni nyingi na vijiti vibichi huota ukungu.

Kwa kufungia, tafuta tyubu kuukuu ya baiskeli kwa fundi yeyote. Ikate kwa upana, vipande vya milimita 4 hivi, na kila kipande kitakuwa pete ya mpira. Pete moja ukiizungusha mara moja tu kwenye vijiti kumi italegea. Izungushwe mara mbili, nayo itabana vizuri. Kamba za mgomba zinafaa pia, ila mtoto wa miaka sita hawezi kufunga na kufungua fundo haraka, na somo letu linahitaji afungue mara nyingi.

Darasa la watoto 60 ligawe katika makundi 15 ya watoto wanne. Kila kundi lipate vijiti 50 na pete 6. Hivyo vijiti 750 vinatosha darasa zima, na kila mtoto akileta 15 kutoka nyumbani utapata 900, yaani utakuwa na akiba ya vitakavyovunjika. Pima na ukate kijiti kimoja cha mfano, kisha kila mtoto alinganishe vyake na hicho.

Kila kundi pia linahitaji jedwali la nafasi: kipande cha boksi kilichochorwa mstari mmoja wima katikati. Upande wa kushoto andika MAKUMI, upande wa kulia MAMOJA. Kata kadi ndogo za tarakimu 0 hadi 9, seti mbili kwa kila kundi, ili namba kama 33 iweze kupangwa.

Neno moja la onyo: usije darasani na vitita vilivyokwisha kufungwa. Ni rahisi kwako, lakini mtoto anayepewa kitita kilichofungwa na mtu mwingine hana sababu ya kuamini kwamba ndani mna kumi. Kwake ni kitu kimoja kinene, na atakihesabu kama kimoja.

Hatua ya kwanza: kuhesabu, kufunga, kuhesabu tena

Toa vijiti 34 vilivyotawanyika, lakini usiseme ni vingapi. Watoto wa kundi wavihesabu kimoja kimoja. Makundi mengi yatapata majibu tofauti: 33, 35, 34 tena. Usiwasahihishe. Tofauti hizo ndizo zinazowafanya wahitaji njia bora zaidi.

Sasa waambie: kila mkipata vijiti kumi, fungeni. Mtoto mmoja anahesabu, wa pili anamhakikishia kwa kuhesabu tena, wa tatu anafunga, wa nne anaweka pembeni, kisha wanabadilishana kazi. Kazi ya mhakiki isirukwe, kwa kuwa kitita cha tisa au cha kumi na moja kitaharibu kila hesabu itakayofuata na hakuna atakayejua kosa limetoka wapi. Mwishoni vitabaki vitita vitatu na vijiti vinne.

Hapo uliza swali la maana kuliko yote katika hatua hii: “Sasa vijiti vyote ni vingapi?” Sikiliza kwa makini. Mtoto anayejibu “saba” ameongeza vitita vitatu na vijiti vinne kana kwamba ni vitu vya aina moja. Mtoto anayefungua vitita vyote na kuanza upya kutoka moja bado haamini kwamba kufunga hakubadilishi idadi. Hana kosa, mwache ahesabu, kisha afunge tena. Mtoto anayesema “kumi, ishirini, thelathini, thelathini na moja, thelathini na mbili…” ndiye aliyefika. Yule wa “saba” usimwambie amekosea. Mpe kitita kimoja na umwambie: “Fungua hiki, unionyeshe kimoja chako.” Vijiti kumi vikimwagika mezani, atajisahihisha.

Rudia kwa namba nyingine hadi watoto waamini kitita bila kukifungua: 21, 18, 40, 27. Ile 40 isikosekane, kwa sababu inaacha meza bila kijiti hata kimoja cha pembeni, na tutaihitaji baadaye.

Hatua ya pili: namba itajwe jinsi vitita vinavyoonekana

Mtoto wa Rusizi husikia namba kwa lugha kadhaa kwa siku moja. Nyumbani ni Kinyarwanda. Sokoni Kamembe, na kwa wanaovuka kutoka Bukavu, ni Kiswahili. Darasani, tangu uamuzi wa serikali wa mwaka 2019, ni Kiingereza kuanzia darasa la kwanza. Lugha hizi hazimsaidii kwa kiasi kimoja.

Kinyarwanda kinamsaidia sana. Mirongo itatu, mirongo ine, mirongo itanu: idadi ya makumi imo ndani ya jina. Kiswahili cha Bukavu nacho husema makumi mbili, makumi tatu. Kiswahili sanifu kinaficha jambo hilo, maana ishirini, thelathini na arobaini hazimwambii mtoto kuna vitita vingapi. Kiingereza kinaongeza shida nyingine: 11 na 12 zina majina yasiyoonyesha kumi hata kidogo, na 13 na 30, au 14 na 40, zinatofautiana kwa mlio wa mwisho ambao katika darasa lenye kelele haufiki dawati la nyuma.

Basi, kwa wiki ya kwanza, namba zote zitajwe kwa vitita. Ukiwa na vitita vitatu na vijiti vinne, darasa liseme “makumi matatu na nne,” na kwa Kinyarwanda “mirongo itatu na kane.” Mtoto aguse kitita kila anapotaja makumi, na kijiti kila anapotaja mamoja. Wiki ya pili ongeza jina la kawaida, thelathini na nne, na jina la Kiingereza linalotakiwa katika somo, lakini jina la vitita litangulie. Mtoto akichanganya 13 na 30, usirudie matamshi kwa sauti kubwa zaidi. Mwekee mezani kitita kimoja na vijiti vitatu, kando yake vitita vitatu, umwombe ataje vyote viwili. Tofauti ya vijiti 17 inaonekana hata kwa macho ya mbali.

Hatua ya tatu: nafasi na tarakimu

Hapa walimu wengi hudhani kazi imekwisha, kumbe ndipo inapoanza. Kitita kina kumi popote utakapokiweka: kushoto, kulia, au chini ya meza. Kwa hiyo vitita peke yake vinafundisha kufunga kumi kumi, havifundishi nafasi. Tarakimu ni kinyume chake. Ile 3 haina unene wala urefu. Thamani yake inatokana na mahali ilipokaa. Jedwali na kadi ndivyo vinavyounganisha mambo haya mawili.

Watoto waweke vitita upande wa MAKUMI na vijiti upande wa MAMOJA, kisha chini ya kila upande waweke kadi ya tarakimu. Vitita vitatu, kadi ya 3. Vijiti vinne, kadi ya 4. Sasa wasome: makumi matatu na nne, 34. Wabadilishane kadi bila kugusa vijiti, ionekane 43, na waulize kama kadi zinasema ukweli. Watoto hupenda kumkamata mwenzao aliyeweka kadi za uongo, na mchezo huo unafanya kazi kubwa kuliko maelezo yako.

Kisha weka sheria moja: upande wa mamoja havikai zaidi ya vijiti tisa. Ifundishe kwa kuhesabu kwenda mbele. Anza na jedwali tupu na kadi mbili za 0. Ongeza kijiti kimoja, badilisha kadi. Ongeza kingine, badilisha kadi. Mkifika tisa, ongeza kimoja zaidi na usimame. Hakuna kadi ya kumi. Waache watafute la kufanya. Watafunga, watahamisha kitita kushoto, na upande wa kulia utabaki mtupu, nao waweke kadi ya 0. Endeleeni hadi 30, ili jambo hilo litokee mara tatu, na mara ya tatu darasa zima litakuwa linalisubiri.

Sifuri ipewe nafasi yake hapa. Katika 40 hakuna vijiti vya mamoja, na mtoto hupenda kuacha upande huo bila kadi. Ondoa jedwali, umbakishie kadi ya 4 peke yake, umwulize ni ngapi. Atasema nne. Sasa anaona mwenyewe kwa nini 0 haiwezi kuachwa.

Kwa mtoto anayeandika 305, tengeneza kadi za kufunikana. Kadi ya 30 iwe na upana wa tarakimu mbili, na kadi ya 5 iwe na upana wa moja. Ukiweka 5 juu ya 0 ya 30, inasomeka 35. Akiinua 5, anaona 30 bado imo chini. Tengeneza hivyo kwa 10 hadi 90.

Hatua ya nne: kufungua

Kufunga bila kufungua ni nusu ya somo. Tuchukue 42 kutoa 17, maana ndiyo hesabu iliyomshinda yule mtoto wa pili wa mwanzoni, aliyeandika 35 bila shida. Alipata 35 kwa kuwa upande wa mamoja alitoa 2 kutoka 7, ndogo kutoka kubwa, na upande wa makumi 1 kutoka 4 akipata 3. Hakuna kitu kilichomzuia, kwa sababu alikuwa anacheza na tarakimu tu.

Kwa vijiti atazuiwa. Aweke vitita vinne na vijiti viwili. Mwambie: “Nipe vijiti saba.” Anavyo viwili. Watoto wengine watakupa kitita na viwili, wengine watanyamaza. Mwulize: “Vijiti zaidi unavyo wapi?” Ataviona ndani ya kitita. Afungue kimoja na vijiti vyote kumi avihamishie upande wa mamoja. Kabla ya kuendelea, msimamishe: “Sasa una ngapi kwa jumla?” Ana vitita vitatu na vijiti kumi na viwili, na bado ni 42. Swali hili lisirukwe, kwa sababu ndipo anapojua kwamba kufungua hakujapunguza kitu. Sasa atoe vijiti saba, vibaki vitano. Atoe kitita kimoja, vibaki viwili. Jibu ni 25.

Mwache afanye hesabu tatu za namna hii kwa vijiti bila kuandika lolote. Baadaye andika ubaoni kila anachofanya, hatua kwa hatua, wakati anakifanya. Zile alama ndogo tunazoandika juu ya tarakimu zitakuwa kumbukumbu ya kitita kilichofunguliwa. Sarafu za faranga 10 usizilete mapema mahali pa vitita, ingawa watoto wa mpakani wanazijua vizuri. Sarafu haifunguki, na mtoto asiyejua kumi ataichukua kama kitu kimoja. Zitafaa baada ya karatasi ya mazoezi kufanywa vizuri.

Karatasi ya mazoezi

Ikiwa hakuna mashine ya kutoa nakala, chora karatasi hii ubaoni au kwenye karatasi kubwa ya manila. Watoto wasinakili picha, kwa kuwa watamaliza kipindi kizima wakichora; waandike namba ya swali na jibu tu, na wachore pale tu swali linapowataka wachore. Alama # ni kitita cha vijiti kumi, na | ni kijiti kimoja. Ubaoni, chora kitita kama mstari mrefu wenye mkanda katikati. Vijiti viwe juu ya meza, na anayetaka kuvitumia asizuiwe.

1. Chora duara kuzunguka kila vijiti kumi, kisha jaza.
| | | | | | | | | | | | | | | | | | | | | | |
Makumi ___ Mamoja ___ Namba ___

2. # # # | | | |
Makumi ___ Mamoja ___ Namba ___

3. | | # # # #
Makumi ___ Mamoja ___ Namba ___

4. # # # # #
Makumi ___ Mamoja ___ Namba ___

5. # # | | | | | | | | | | | | |
Namba ___

6. Chora vitita na vijiti vya 26. Kando yake chora vya 62.

7. Ipi ni kubwa? Andika A au B.
A: # # #
B: # | | | | | | | | |

8. Jaza nafasi.
47 = makumi 4 na mamoja ___
47 = makumi 3 na mamoja ___

9. Una # # # | | | |. Unaongezewa vijiti 8. Chora vyote baada ya kufunga. Namba ___

10. Una # # # # | |. Ondoa 17. Chora kitita utakachokifungua. Vinabaki ___

Swali la kwanza ni la pekee linalochorewa moja kwa moja, kwa hiyo picha yake iwe kubwa na watoto wachache waje ubaoni kuzungushia, au kila kundi lipewe kipande chake cha karatasi.

Kusahihisha: kila kosa lina chanzo chake

Majibu ni haya: swali la 1 ni 23, la 2 ni 34, la 3 ni 42, la 4 ni 50, la 5 ni 33, la 7 ni A, la 8 ni 7 kisha 17, la 9 ni 42, la 10 ni 25. Lakini alama peke yake hazitakuambia mengi. Angalia ni swali gani limekosewa, na kwa namna gani.

Swali la 2 karibu kila mtoto atalipata, na halithibitishi lolote. Picha inafuata mpangilio uleule wa tarakimu, hivyo mtoto anaweza kuhesabu vya kushoto, akaandika 3, akahesabu vya kulia, akaandika 4, bila kujua kitita ni nini. Karatasi nyingi za mazoezi zimejaa maswali ya aina hii peke yake. Liache moja tu, limtie mtoto moyo wa kuendelea.

Swali la 3 ndilo linalomtenga anayenakili. Ameona viwili kushoto na vinne kulia, ataandika 24. Akifanya hivyo, mrudishe kwenye hatua ya tatu, na safari hii umwagie vitita na vijiti vikiwa vimechanganyika, yeye mwenyewe avipeleke kila kimoja mahali pake.

Katika swali la 4, anayeandika 5 ameacha sifuri, na anayeandika “mamoja 5” hajatofautisha kitita na kijiti. Ni makosa mawili tofauti. Wa kwanza anahitaji mazoezi ya kadi ya 0. Wa pili anahitaji kufunga na kufungua tena.

Swali la 5 lina vijiti kumi na vitatu. Mtoto anayeandika 213 anajua kuhesabu vizuri, ila hajaikubali sheria ya tisa. Mpe vijiti, mwambie atafute kumi iliyojificha. Anayeandika 15 amehesabu vitu vyote, kila kitita kikiwa kimoja.

Swali la 6 linaonyesha kama mtoto anageuza tarakimu. Picha zake zikibadilishana, mwombe ataje 26 kwa jina la vitita kabla ya kuchora. Mara nyingi anajisahihisha akishasema “makumi mawili.”

Swali la 7 limewekwa mtego kwa makusudi: A ina vitu vitatu, B ina vitu kumi, lakini A ni 30 na B ni 19. Anayechagua B bado anahesabu vitu.

Swali la 8 ndilo gumu kuliko yote, na ndilo linalotabiri nani ataweza kutoa kwa kufungua. Mtoto anayejua kwamba 47 ni makumi 4 na 7, na vilevile ni makumi 3 na 17, amekwisha kukielewa kitita. Wengi wataandika 7 mara mbili. Usiharakishe hapa. Weka 47 mezani, afungue kitita kimoja, ahesabu mamoja, kisha aandike.

Maswali ya 9 na 10 yaangaliwe kwa mchoro, si kwa jibu. Jibu sahihi bila kitita kipya katika la 9, au bila kitita kilichofunguliwa katika la 10, lina maana kwamba mtoto amehesabu kwa vidole au ameangalia kwa jirani. Na akiandika 35 katika la 10, unajua tayari alichofanya.

Jaribio la mwisho, na wakati wa kuweka vijiti kando

Baada ya karatasi, kila mtoto aje mezani kwako kwa muda mfupi. Jaribio hili linatokana na kazi ya Constance Kamii, mtafiti wa hisabati za watoto wadogo. Mpe vijiti 16 vilivyolegea, avihesabu, aandike 16. Onyesha ile 6 kwa kidole: “Nionyeshe vijiti vya sehemu hii.” Atakutengea sita. Kisha onyesha ile 1: “Na sehemu hii?” Akitenga kijiti kimoja na kukuacha na tisa visivyo na mwenyewe, mwulize: “Na hivi tisa viko wapi katika namba yako?” Usimpe jibu. Mtoto aliyefunga vitita vingi kwa mikono yake huvikusanya vile kumi mwenyewe.

Gawa darasa kwa matokeo hayo. Waliotenga kumi mara moja waweke vijiti kando na wachore vitita kwenye daftari. Hawa ndio wa kupewa sarafu, wakibadilisha faranga 10 kwa 50 na 100. Waliojisahihisha baada ya swali lako waendelee na hatua ya nne wiki moja zaidi. Walioshikilia kijiti kimoja warudi hatua ya kwanza katika kundi dogo, na kama shule yako ina zamu mbili, dakika kumi za mwisho wa zamu zinatosha kwa kazi hiyo.

Mara moja tu, kabla hamjaachana na vijiti, kusanya vitita kumi vya makundi mbalimbali na uvifunge pamoja kwa kamba moja. Hiyo ndiyo mia. Darasa liinue kitita hicho, kila mmoja akishike, na mtu mmoja akifungue hadi vijiti mia moja vitawanyike mezani. Zaidi ya hapo usiendelee kwa vijiti. Kufikia 300 utamaliza asubuhi nzima ukihesabu na watoto watakuwa wamesahau swali. Mamia yafundishwe kwa michoro na kwa safu ya tatu ya jedwali, kushoto kwa makumi, kwa sheria ileile ya tisa.